Jumamosi ya Bi Rafu

Walimwita Bi Rafu, na jina hilo alilipata kwa haki. Ukimkaribisha kwako, kabla hujamaliza kumuuliza habari za nyumbani, keshanyoosha mkono kabatini na kugeuza makopo yako yote yatazame mbele. Awe harusini, awe kwenye chumba cha kumngojea daktari, popote penye vitu viwili vilivyokaa pamoja, lazima aviweke sawa. Mumewe, fundi wa majokofu, alishanyoosha mikono zamani. Bisibisi zake zilipangwa ukutani kwa urefu, na ile fupi aliyozoea kuitupa popote na kuiokota popote, sasa ilimbidi aitafute mahali pake.

Alikuwa mfanyakazi wa duka kubwa la mtaani, lile la kuuza kila kitu cha nyumbani, kuanzia sabuni hadi maziwa ya unga. Aliingia hapo kwa ufagio, akapandishwa kupanga rafu, akaenda kaunta, akawa mkubwa wa makeshia na mpangaji wa zamu zao. Kila msimamizi mpya aliyekuja alimkuta, akamsifu, akamwacha alipo. "Wewe hapo ulipo uko vizuri kabisa," walimwambia, kana kwamba wanampa zawadi. Naye alitabasamu, akarudi kupanga makopo yake, lakini ndani kwa ndani alichoka kuwa vizuri hapo hapo.

Halafu msimamizi wa mwisho akahama ghafla kumfuata mkewe aliyehamishwa kikazi, na makao makuu yakamwambia Bi Rafu akaimu. Akakaimu miezi mitano. Alipoanza kuzoea kushika funguo, likabandikwa tangazo karibu na saa ya ukutani: nafasi ya msimamizi iko wazi kwa wote, walio ndani na walio nje. Mwombaji aandike barua isiyozidi ukurasa mmoja, aeleze mambo matatu kwa mifano ya kazi yake mwenyewe: anavyodhibiti mali, anavyopanga zamu za wafanyakazi na anavyofikia malengo ya mauzo.

Bi Rafu alilisoma tangazo lile amesimama, mkoba begani. Alijua hesabu yake. Asipopata safari hii, ataletwa mtu mwingine, kijana pengine, atakayekaa pale miaka mingi, na yeye atazeekea kaunta. Aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Kosa la kwanza alilifanya jioni ile ile: alimweleza mumewe mbele ya shemeji.

Shemeji huyu, kaka mkubwa wa Fundi, alikuwa karani mstaafu, na hakuna jambo lililomnenepesha kama kuombwa barua. Aliandikia ukoo mzima: za rambirambi, za kuomba ruhusa, za kumlalamikia mwenye nyumba. Wengi walizipokea barua zake, wachache walizimaliza. Kabla Bi Rafu hajaomba msaada, shemeji alikwisha vaa miwani.

Siku ya pili akaleta kurasa tatu. Ya kwanza ilikuwa salamu tupu. Ya pili ilieleza jinsi mwombaji alivyolelewa katika nidhamu. Neno "duka" lilitokea katikati ya ukurasa wa tatu, limechoka, limebanwa kati ya "unyenyekevu mkubwa" na "mtumishi wako mtiifu".

"Inanguruma, eh?" shemeji aliuliza.

"Inanguruma, shemeji," alijibu Bi Rafu kwa adabu. "Wameomba ukurasa mmoja lakini."

"Wanasemaga hivyo tu. Mtu akiona kurasa tatu anajua huyu ni mtu mzito."

Alipoondoka, binti yao, aliyekuwa likizo kutoka chuoni, aliichukua barua ile kwa vidole viwili. "Mama, hii tumwekee baba mkubwa kumbukumbu. Sasa niambie mwenyewe, unafanyaga nini pale dukani? Usiniandikie. Niambie tu."

Walikuwa kwenye karakana ya Fundi uani, maana ndiko kulikokuwa na mwanga mzuri, binti amekaa juu ya friji bovu lililolazwa, simu mkononi, tayari kuandika. Bi Rafu akaanza kusema. Akasema habari ya sabuni zilizokuwa zikipotea, na alivyogundua kwamba hazikuibiwa hata moja: katoni za pakiti kumi na mbili zilipokelewa kwenye kompyuta kama za ishirini na nne. Akasema habari ya siku wenye mishahara wanapolipwa, watu wanavyomiminika jioni, na zamani nusu ya makeshia walikuwa zamu ya asubuhi wakipunga nzi. Alisema na mikono ikisema. Fundi, aliyejifanya anakaza nati, alikuwa ameacha kukaza zamani. Alimtazama mkewe akajisikia fahari, ile fahari ya mtu anayejua kitu ambacho wenye kuajiri bado hawajakijua.

Binti akakata hiki, akaacha kile. Mwisho ikabaki hii:

"YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MSIMAMIZI WA DUKA

Naomba nafasi iliyotajwa hapo juu katika duka hili, ambalo nimekaimu usimamizi wake kwa miezi mitano.

Mali: Hatusubiri hesabu kuu ya mwisho wa mwaka. Kila Jumatatu tunahesabu kundi moja la bidhaa na kulinganisha na kompyuta. Tofauti ikionekana inatafutwa siku hiyo hiyo. Bidhaa za zamani zinakaa mbele, mpya nyuma, na zinazokaribia kuisha muda zinapunguzwa bei mapema. Upotevu umeshuka kutoka asilimia tatu ya mauzo hadi moja na nusu.

Zamu: Napanga watu kufuata saa za wateja, wengi jioni na mwisho wa mwezi, wachache mchana. Ratiba ya wiki inayofuata inabandikwa kila Alhamisi. Tangu nianze kukaimu, hakuna zamu iliyokosa mtu.

Mauzo: Lengo la mwezi naligawa kwa wiki na kwa siku, na kila asubuhi wafanyakazi wanaambiwa tulipofika. Tumefikia lengo miezi minne kati ya mitano. Mwezi tuliokosa, maziwa ya unga yaliisha kabla ya mzigo kufika. Sasa tunaagiza mapema zaidi.

Niko tayari kwa usaili siku yoyote."

Binti aliisoma kwa sauti. Alipofika kwenye zamu, pale pa hakuna zamu iliyokosa mtu, Fundi akakohoa.

"Una nini?" Bi Rafu akamuuliza.

"Sina kitu. Ni kweli tupu. Mimi ni shahidi."

Akarudi kwenye nati yake. Bi Rafu hakuyajali maneno hayo, na barua ikaenda.

Jumatano moja meneja wa kanda akaja mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viatu vya kutembelea na sauti isiyopanda. Hakuagiza chai. Alikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya stoo, kile ambacho meza yake ilibanwa na katoni za karatasi za chooni pande zote mbili, akaitandaza barua mbele yake na kuanza juu kwenda chini.

"Mali," alisema. "Twende."

Wakaenda. Akachagua mwenyewe, mafuta ya kupikia ya lita moja. Wakahesabu rafuni, wakahesabu stoo, wakaangalia kompyuta. Zikalingana. Akaingiza mkono nyuma kabisa ya rafu ya maziwa, kule ambako wavivu husukumia vitu, akatoa pakiti na kusoma tarehe. Ilikuwa ya mbali kuliko za mbele, kama inavyotakiwa. Meneja akatikisa kichwa kidogo. Bi Rafu aliona, na roho yake ikaanza kukaa.

Kwenye mauzo meneja aliuliza kwa nini ameandika na mwezi uliomshinda.

"Kwa sababu ungeuona kwenye kompyuta, meneja."

Meneja akacheka kwa mara ya kwanza. Halafu akanyoosha mkono ukutani, akaibandua ratiba ya zamu, akachomoa kalamu nyekundu.

Alizungusha duara Jumamosi jioni. Akazungusha Jumapili. Akazungusha Jumanne asubuhi, ambapo keshia mmoja alikuwa na ruhusa, na Ijumaa, ambapo mwingine alikuwa kliniki. Alipomaliza, karatasi ilijaa vidonda, na ndani ya kila duara mlikuwa na jina lile lile moja.

"Dada," alisema polepole, "umeandika hakuna zamu iliyokosa mtu. Ni kweli. Kila palipokosa mtu umejichomeka wewe."

"Kazi haikulala, meneja."

"Haikulala kwa sababu hukulala wewe. Ukiwa umekaa kaunta Jumamosi jioni, na duka limejaa, mteja akigombana kule kwenye friji, nani anakwenda? Mzigo ukichelewa, nani anapiga simu? Na ukishikwa na homa wiki moja, tufunge?"

Bi Rafu aliinamia karatasi ile. Masikio yalimwaka. Alikuwa amekuja na sifa yake kubwa kuliko zote, akaivalisha vizuri, na sasa imegeuzwa mbele ya macho yake ikawa doa.

"Sikukatalii," meneja akaendelea. "Barua yako ndiyo fupi na ndiyo bora niliyosoma. Lakini ninaye mwombaji wa nje ambaye anajua kupanga watu. Kesho ni Alhamisi, unabandika ratiba ya wiki ijayo. Nataka kuiona leo kabla sijaondoka. Usijipange kaunta hata mara moja, na Jumamosi uwe nyumbani siku nzima. Ukibaki na pengo, utaelewa kwa nini namchukua yule wa nje."

Akatoka kwenda kukagua risiti, akamwacha na karatasi tupu.

Bi Rafu akakaa. Kwa dakika nyingi hakuandika kitu. Si kwamba hakujua kuchora ratiba, angeichora usingizini. Tatizo lilikuwa Jumamosi jioni. Alizijua habari za kila mmoja kama alivyojua rafu zake: keshia wa kwanza, wanayemwita Kicheko, hawezi Jumamosi kwa sababu anamuuguza mama yake. Mama Pacha hawezi jioni yoyote, watoto bado wananyonya. Mzee wa Stoo goti linamsumbua, na kaunta haijui. Alikwisha kuwapa neno lake wote. Kuwaomba sasa, kwa ajili ya cheo chake mwenyewe, aliona haya. Afadhali afanye mwenyewe. Ndivyo alivyojiambia kila wiki, na ndivyo jina lake lilivyojaa kwenye karatasi.

Mwisho akainuka, maana hakuwa na njia, akaenda kaunta. Hapakuwa na mteja. Kicheko alikuwa akifuta mzani.

"Mdogo wangu," alianza, akimung'unya, "nina shida. Najua mama anaumwa, na Jumamosi huwa..."

"Mama yupi?"

"Mama yako."

Kicheko akamtazama kana kwamba ameanguka kutoka juu ya dari. "Dada, mama yangu alipona mwaka juzi! Anauza maandazi sasa hivi, anapiga kelele kuliko mimi. Si ulikuja kumpa pole na kumpa pongezi?"

Bi Rafu alikumbuka. Alikwenda, tena alipanga glasi zao.

"Sasa mbona hukuniambia unaweza Jumamosi?"

"Hukuniuliza! Kila wiki naona umejiandika wewe, nikasema labda dada Jumamosi anaipenda. Au labda hajaniamini na msongamano." Kicheko, ambaye hakuwahi kuonekana bila meno nje, safari hii hakucheka. "Wewe unajua nilivyokuwa nikiitaka hiyo Jumamosi? Ndiyo siku ya kazi. Hizo asubuhi za Jumanne zinanilaza kwenye kiti."

Maneno hayo yalimwingia Bi Rafu mpaka kwenye mifupa. Miaka yote hiyo alidhani anawabebea watu mzigo, kumbe mwingine alikaa akiona anadharauliwa.

Akamfuata Mama Pacha, aliyekuwa akibandika bei. Pacha walikwisha acha kunyonya siku nyingi. Walikuwa shule, na baba yao alirudi mapema Ijumaa na Jumamosi. Akazipokea jioni mbili bila kusita, akaomba tu aachiwe Jumatano ya mikutano ya wazazi.

Mzee wa Stoo alimkuta amekalia gunia la sukari, akikagua hati ya mzigo. Goti, alisema, bado lile lile, baya vile vile. "Ndiyo maana nashangaa, mwanangu. Mtu mwenye goti unamwacha kwenye kubeba, kaunta kwenye kiti humpeleki. Kicheko kanifundisha ile mashine mchana mchana kukiwa hakuna watu. Bado kurudisha bidhaa tu ndiko kunanichanganya."

"Kwa nini hukusema, mzee wangu?"

"Ningesemaje? Ungefikiri nimekuchoka."

Bi Rafu akakaa kwenye gunia la pili, ubavuni kwake, akacheka, na machozi yakamtoka kidogo humo humo kwenye kicheko. Yeye, mtu wa kuhesabu sabuni kila Jumatatu, watu wake aliwahesabu mara moja tu, akaifunga hesabu hiyo kichwani na kuitumia mpaka ikaoza. Mzee hakuelewa kilichokuwa kinachekesha, ila alimpa leso yake, iliyokuwa na vumbi la sukari.

Akarudi chumbani, akachora. Aliandika na kufuta mpaka kifutio kikaisha. Meneja alipoingia na mkoba wake tayari begani, karatasi ilikuwa mezani, na chini yake, mahali pa jina la Bi Rafu, Jumamosi iliandikwa neno moja: mapumziko.

Meneja akaipitisha kalamu nyekundu juu yake bila kuigusa. "Jumanne mchana umeacha wawili tu."

"Jumanne mchana hakuna wateja. Mzee wa Stoo atakaa kaunta na mwenzake, azoee. Mama Pacha ananitoka Jumatano, Kicheko anaichukua. Anayeongoza Jumamosi ni Kicheko, nitamwachia funguo Ijumaa."

"Na ukipata hamu ya kuja kuangalia?"

Bi Rafu akafikiri. Hakutaka kudanganya. "Nitaipata, meneja. Sana."

Meneja akakunja nakala yake. "Tutaona," alisema, akaondoka, na hakumwachia chochote cha kushika.

Siku zikapita kwa kujikokota. Ikafika Jumamosi ya ratiba mpya.

Saa nne asubuhi Bi Rafu alikwisha fua. Saa tano alikwisha panga viungo kwa herufi. Mchana alikwenda mlangoni, akavaa viatu, akavivua. Akampigia Kicheko, akaulizwa kwa upole kama ana mgonjwa, akakata simu. Alijua kabisa: akienda, hata kwa kuchungulia tu, ratiba imekufa, na nafasi imekufa nayo. Lakini kujua ni kitu kimoja na miguu ni kitu kingine.

Jioni Fundi akaingia kutoka karakanani, mikono ina grisi, akipiga mluzi. Alipomkuta mkewe amekaa sebuleni, mluzi ukakatika.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni zamu yangu ya kukaa."

"Jumamosi?"

"Jumamosi."

Fundi alisimama, akamtazama, halafu akaenda kunawa, akanawa muda mrefu kuliko grisi ilivyohitaji. Akatoka jikoni na chakula. Bi Rafu akatazama jambo ambalo hakuwahi kuliona, kwa kuwa siku zote alifika limekwisha fanyika: mumewe akaweka sahani mbili mezani, akaweka na vijiko viwili, akavisogeza vikae sawa sawa, halafu mkono wake, kwa mazoea, ukaenda kuchukua sahani ya tatu ya kufunikia ile ya pili. Kila Jumamosi usiku Bi Rafu alikuta chakula chake kimefunikwa hivyo, kimepoa. Alidhani mumewe anamwekea makombo baada ya kula. Hakujua kwamba alitandika kwa watu wawili.

Fundi akaiona sahani ya kufunikia mkononi mwake, akaona haya. "Mazoea," alisema.

Hapo simu ikaita. Ilikuwa namba ya meneja, na nyuma ya sauti yake zililia mashine za kaunta, zote kwa pamoja.

"Dada, niko dukani kwako. Nimekuja bila taarifa."

Bi Rafu alikwisha simama. "Kuna nini? Nakuja sasa hivi, natafuta viatu!"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana nakupigia. Foleni inakwenda, Kicheko kamaliza ugomvi wa kule kwenye friji kabla sijafika, mzee wako kanihudumia mwenyewe na chenji kanirudishia sawa. Nimeuliza uko wapi, wameniambia nyumbani, tena kwa kiburi. Kazi ni yako. Barua utaipata Jumatatu." Kisha akaongeza: "Kaa chini, msimamizi."

Bi Rafu akakaa. Akamtazama Fundi, na Fundi akaelewa yote. Hakupiga kelele, hakumpigia binti aliyekwisha rudi chuoni, wala hakukumbuka kumpigia kaka yake. Alikwenda jikoni, akairudisha kabatini ile sahani ya kufunikia, akaja kukaa.

"Kula," alisema. "Kingali cha moto."